Mpako wa pili ndio unaotuangusha: vanishi ya floraidi na watoto tunaowasahau

Siku ya kupaka vanishi shuleni huenda haraka. Watoto hupanga foleni, mmoja huketi, mhudumu humpangusa meno kwa shashi, huchovya brashi ndogo, hupitisha mpako juu na chini, na kabla dakika tatu hazijaisha anaitwa mwingine. Jioni taarifa huandikwa kwamba watoto kadhaa wamepakwa, na kila mtu huondoka ameridhika. Nimeishika brashi hiyo kwa miaka, na taarifa za namna hiyo nimeziandika kwa mkono wangu. Kwa hiyo ninapozisoma leo najiuliza mambo ambayo taarifa haisemi: waliopakwa ni akina nani, meno yao yalikuwa katika hali gani, na je, walirudiwa baada ya miezi sita?

Hoja yangu ni kwamba vanishi ni dawa nzuri ambayo mara nyingi tunaipeleka kwa mtoto asiyeihitaji sana, katika umri usiofaa sana, kisha tunaitoa mara moja tu na kumhesabu mtoto huyo kuwa amekingwa.

Tuanze na dawa yenyewe, kwa sababu makosa mengi huzaliwa na jina lake. Vanishi ya meno haifanyi kazi kama ile ya fundi seremala, inayofunika mbao isipenyezwe na maji. Ni sodiamu floraidi ya asilimia 5 iliyochanganywa na utomvu unaonata, mara nyingi utomvu wa msonobari, pamoja na alkoholi kidogo. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1964. Ikipakwa hukutana na mate ikagandamana na jino, na utando wake huonekana kwa saa kadhaa kabla haujabanduka wenyewe. Kwa hiyo mpako wenyewe hauishi. Kinachobaki ni floraidi iliyopata muda wa kukutana na uso wa jino ikiwa nyingi na ikiwa mahali pamoja.

Hapo ndipo inapoachana na dawa ya mswaki. Dawa ya mswaki ya kawaida ina floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 katika kila sehemu milioni, na tyubu nyingi zimeandikwa 1,450. Vanishi ina sehemu 22,600. Mzazi akisikia tofauti hiyo, swali lake la kwanza ni lile aliloniuliza mama mmoja akiwa amempakata mwanawe wa miaka minne: "Daktari, kama hii ina nguvu hivyo, si tupumzike mswaki angalau mwezi huu?"

Nilimjibu, "Hapana, mama. Usiku wa leo peke yake tumpumzishe, kesho asubuhi uendelee kama kawaida." Lakini swali lake lilistahili jibu refu zaidi, na hesabu yake ni rahisi.

Mtoto mwenye meno ya utotoni hupakwa vanishi mililita 0.25, ambayo ina miligramu 5.65 za floraidi. Akipakwa mara mbili kwa mwaka, meno yake yamekutana na miligramu 11 hivi. Sasa mchukue mtoto huyohuyo akipiga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye sehemu 1,000, kiasi cha punje ya njegere, ambacho ni kama gramu 0.25. Kila mara kinywa chake hupata miligramu 0.25 za floraidi. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya miligramu 180, na nyingi kati yake hutemwa. Kwa jumla ya mwaka, basi, mswaki unaishinda vanishi mara kumi na zaidi. Vanishi inaushinda mswaki kwa jambo moja tu: inakaa. Dawa ya mswaki hupita ikatemwa, na baada ya saa chache floraidi iliyobaki kwenye mate ni kidogo mno. Vanishi hushikilia sehemu ileile kwa saa nyingi.

Na kukaa huko kuna maana yake. Floraidi nyingi ikikutana na kalsiamu iliyo kwenye mate na juu ya jino, hutengeneza vipunje vya kalsiamu floraidi. Vipunje hivyo ni kama akiba. Bakteria walio kwenye utando wa meno wanapokula sukari hutoa tindikali, na tindikali ikifika kiwango cha pH 5.5 hivi, madini ya jino huanza kuyeyuka. Tindikali hiyohiyo hufungua akiba. Floraidi hutoka pale inapotakiwa, hupunguza kasi ya kuyeyuka, na tindikali ikishatulia husaidia madini kurudi kwenye jino yakiwa katika umbo gumu zaidi kuliko la mwanzo. Ila akiba hutumika. Kadiri mtoto anavyokula vitu vitamu mara nyingi ndivyo inavyofunguliwa mara nyingi, na isipojazwa kwa mswaki wa kila siku huisha muda mrefu kabla ya siku ya kupakwa tena. Ndiyo sababu nilimkatalia yule mama. Mswaki ndio mshahara wa kila siku wa jino, na vanishi ni kile kinachowekwa kando mara mbili kwa mwaka. Mtu haachi mshahara kwa kuwa ana akiba.

Kuna hofu nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini zaidi: kwamba namba kama 22,600 ni sumu. Anayeogopa namba ana haki ya kujibiwa kwa namba. Kiwango ambacho wataalamu hukichukua kuwa cha hatari, ambacho mtoto akikimeza ni lazima apelekwe hospitali, ni miligramu 5 za floraidi kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anafika huko kwa miligramu 50. Mpako wa mililita 0.25, hata akiumeza wote, ni miligramu 5.65, yaani kama sehemu moja ya tisa. Tena haumezi kwa mkupuo, kwa kuwa unabanduka kidogo kidogo. Hatari halisi iko kwenye tyubu. Tyubu ya mililita 10 ina miligramu 226, na mtoto wa kilo 10 akiinyonya amepita kiwango hicho zaidi ya mara nne. Ndiyo maana katika kupaka watu wengi ninapenda vifuko vya dozi moja, na panapotumika tyubu, dozi ipimwe kwanza pembeni na tyubu ifungwe mbali na mikono ya watoto.

Ule ugonjwa wa meno kuwa na mabaka meupe au ya kahawia hutokana na jambo jingine. Huja kwa kumeza floraidi kila siku, miaka na miaka, wakati meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya. Maji yenye floraidi kupita kiasi ndiyo chanzo kikuu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Dawa ya mswaki inayomezwa kwa wingi na mtoto mdogo huchangia pia, na ndiyo sababu aliye chini ya miaka mitatu huwekewa kiasi cha punje ya mchele tu. Mpako wa mara mbili kwa mwaka hauna uzito mkubwa katika hesabu hiyo.

Sasa nimlete mtoto mmoja, tumfuate hatua kwa hatua. Tuseme ni msichana wa miaka miwili na miezi mitatu, ameletwa kliniki kwa jambo lisilohusu meno kabisa. Muuguzi ananyanyua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba. Kitendo hicho huchukua sekunde tano, na katika huduma hii yote sikijui kilicho na thamani zaidi. Kwenye meno manne ya mbele, sambamba na ufizi, kuna mstari mweupe kama wa chaki. Mama anadhani ni mabaki ya maziwa. Muuguzi anapangusa kwa shashi, utando unaondoka, mstari unabaki, na jino likikauka weupe unazidi kuonekana.

Mstari huo ni kuoza kulikoanza. Madini yameshatoka chini ya uso wa jino lakini uso wenyewe haujavunjika. Hapo bado jino linaweza kurudi, na kama kuna mtoto mmoja tu wa kupakwa vanishi leo katika kliniki hiyo yote, awe huyu.

Mtoto wa umri huo hakai kwenye kiti cha meno. Mama na muuguzi huketi wakitazamana, magoti yakigusana, mtoto akiwa amempakata mama wakiangaliana, kisha hulazwa taratibu kichwa kikiwa kwenye mapaja ya muuguzi. Mama hushika mikono. Mtoto akilia, kinywa kiko wazi, na kazi huwa nyepesi. Muuguzi anakoroga dozi kwanza, kwa kuwa floraidi hutuama chini ya kifuko na asiyekoroga hupaka utomvu mtupu juu na kuacha dawa chini. Hili ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na huwezi kulitambua kwa kutazama mdomo wa mtoto, bali kwa kutazama kifuko kilichotupwa: ukikuta kimebaki unga mweupe pembeni, dozi haikutoka. Anakausha meno kwa shashi, robo moja ya kinywa kwa wakati. Hayahitaji kukauka kabisa, ila utando mzito uondoke, kwa kuwa vanishi iliyopakwa juu ya utando huondoka nao. Anapaka mpako mwembamba, akianza na ile mistari myeupe ya mbele, kisha magego. Mpako mnene hauongezi kinga, huongeza kutema.

Kisha anampa mama maelezo yanayotosha kukumbukwa: kwa saa nne hadi sita asile kitu kigumu wala asinywe cha moto, usiku huu asipigwe mswaki, meno yanaweza kuwa na umanjano hadi kesho, na kesho mswaki uendelee kwa punje ya mchele ya dawa yenye sehemu 1,000 au zaidi. Anamuuliza pia kuhusu chupa ya usiku, kwa sababu mistari ya mbele juu mara nyingi hutokana na mtoto kulala akinyonya kitu chenye sukari, na chanzo hicho kisipoguswa, mpako utakuwa unafukuzana na tindikali usiku kucha.

Msichana huyu arudi baada ya miezi mitatu. Miezi sita ni ya mtoto ambaye meno yake ni mazima lakini yumo hatarini. Aliyekwisha kuonyesha dalili hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne hadi mistari itulie. Akirudi, tutajuaje kama imefaa? Mstari uliotulia hupoteza ule weupe wa chaki usiong'aa. Hung'aa, huteleza ukiguswa, na mara nyingi husogea mbali kidogo na ufizi kwa kuwa jino limeendelea kukua. Unaweza kubaki mweupe maisha yote ya jino hilo, au ukageuka kahawia, na hiyo isimtishe mama. Mstari unaoendelea kuoza huwa mkavu usiong'aa, hukwaruza ukipitishiwa ncha butu ya kifaa, na utando hukutwa juu yake. Na kama uso umeshavunjika na kuna shimo, vanishi imepitwa. Haizibi shimo. Nimeona watoto wenye mashimo hadi kwenye kiini wakipakwa vanishi na kuandikwa "amehudumiwa", wakaenda nyumbani na maumivu yao yaleyale. Mtoto huyo anahitaji matibabu wiki hiyo, na kumpaka bila kumpeleka kunakohusika ni kumficha.

Hadi hapa ninaitetea vanishi. Sasa niseme yanayonifanya nisiitetee kila mahali.

Mwaka 2013 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 22 yenye watoto 12,455 na kukuta kwamba vanishi ilipunguza uozo kwa asilimia 43 hivi katika meno ya ukubwani na asilimia 37 katika ya utotoni. Namba hizo ndizo zinazonukuliwa kila mpango mpya unapoombewa fedha. Lakini kisha kulikuja jaribio la Ireland ya Kaskazini, lililochapishwa mwaka 2016. Lilichukua watoto 1,248 wa miaka miwili na mitatu ambao hawakuwa na jino hata moja lililooza. Nusu walipewa kila baada ya miezi sita, kwa miaka mitatu, mpako wa vanishi, mswaki, dawa ya mswaki yenye sehemu 1,450, na ushauri. Nusu nyingine walipewa ushauri peke yake. Mwishoni, asilimia 34 ya kundi la kwanza walikuwa wameanza kuoza, na asilimia 39 ya kundi la pili. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kwamba vanishi inamzuia mtoto mzima asianze kuoza. Ila kwa wale walioanza kuoza, waliopakwa walikuwa na nyuso za meno 7.2 zilizoharibika kwa wastani, na wasiopakwa 9.6.

Nimelisoma jaribio hilo mara nyingi, na wenzangu wengine hulitumia kusema vanishi haifai. Mimi nalisoma kinyume. Linasema kwamba kwa mtoto mwenye meno mazima, anayepata dawa ya mswaki, nyongeza ya vanishi ni ndogo. Na linasema kwamba kwa mtoto ambaye uozo umeshamwingia, vanishi hupunguza kasi ya uharibifu. Baadaye Skotlandi nayo ilijaribu kuongeza vanishi katika shule za awali ambako tayari watoto walikuwa wakipigishwa mswaki kila siku chini ya usimamizi, na faida ya ziada iliyoonekana ikawa haba. Majaribio mengi ya zamani yalifanywa kati ya watoto waliokuwa wakioza zaidi, na hapo kila kinga huonekana kubwa. Sioni mgongano. Naona dawa ambayo faida yake hukua kadiri hatari ya mtoto inavyokua.

Basi mwenye bajeti finyu afanye nini? Nadhani aanze na mswaki na dawa yenye floraidi mikononi mwa kila mtoto, kisha vanishi iwafuate wenye alama: wenye mistari myeupe, wenye jino lililokwisha kuzibwa au kung'olewa, wenye ndugu wakubwa waliooza, wenye ulemavu unaofanya mswaki kuwa vita, wanaotumia dawa tamu za maji kwa muda mrefu, wenye waya za meno. Ipo miongozo inayokwenda mbali zaidi. Uingereza inashauri watoto wote kuanzia miaka mitatu wapakwe mara mbili kwa mwaka, na Marekani jopo la huduma za kinga linashauri watoto wote wapakwe na wahudumu wa afya wa kawaida tangu jino la kwanza hadi miaka mitano. Nchi ikiweza kuwafikia wote, na iwafikie. Ninachopinga ni kuwafikia wote mara moja, kisha fedha zikaisha kabla ya mpako wa pili wa mwenye mistari.

Huko shuleni kosa letu kubwa ni la umri. Mara nyingi madarasa ya kupakwa huchaguliwa kwa urahisi: watoto wa miaka tisa au kumi hutulia, hufungua kinywa wakiambiwa, na kazi huisha mapema. Lakini gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka sita, nyuma kabisa ya meno yote ya utotoni. Halisukumi jino lolote litoke. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka, wazazi wengi hawajui kwamba jino la maisha limeshafika, na wakiliona limeoza hudhani ni la utotoni litakalotoka. Tena gego hilo huchukua muda mrefu kupanda hadi kukutana na mwenzake, mara nyingi zaidi ya mwaka, na muda wote huo liko chini ya meno mengine, kwa hiyo mswaki unapita juu bila kuligusa. Enameli yake, yaani gamba gumu la nje la jino, bado changa, mifereji ya upande wake wa kutafunia bado wazi, na utando umelala juu yake bila kusumbuliwa. Huo ndio wakati wa vanishi. Mtoto akifika miaka kumi, gego hilo ama limevuka salama ama limeshatoboka.

Kwa hiyo madarasa ya kuanzia ni ya watoto wa miaka sita na saba, na kama uwezo upo, tena karibu na miaka kumi na miwili linapoota gego la pili. Kwa magego hayo vanishi ina mshindani, nayo ni kuziba mifereji kwa utomvu mgumu. Jaribio la Wales Kusini lililochapishwa mwaka 2017 liliwafuata watoto wa miaka sita na saba kwa miaka mitatu, kundi moja likizibwa mifereji na jingine likipakwa vanishi kila miezi sita. Asilimia 19.6 ya waliozibwa walipata uozo wa ndani kwenye gego hilo, na asilimia 17.5 ya waliopakwa, yaani hakukuwa na tofauti ya kuthibitika. Vanishi ilikuwa nafuu. Lakini angalia sharti lililofichika humo: ilipakwa kila miezi sita, kwa miaka mitatu mfululizo. Anayeijua kazi ya shule anaelewa kwamba sharti hilo ndilo gumu.

Tufanye hesabu ya darasa moja la watoto 40, kwa namba za mfano. Fomu za ridhaa zinapelekwa nyumbani, zinarudi 30. Siku ya kwanza, kati ya hao 30, wamehudhuria 27, wote wanapakwa. Baada ya miezi sita wanapatikana 24, na kati yao 22 walipakwa mara ya kwanza. Taarifa ya mwaka itasema mipako 51 imetolewa, na msomaji mwenye haraka atasoma watoto 51. Kwa kweli ni watoto 29 walioguswa, na 22 tu waliopata dozi kamili ya mwaka, katika darasa la 40. Na wale 18 wengine ni akina nani? Kumi hawakurudisha fomu. Wengine hawakufika shule siku ile. Kwa niliyoyaona mimi, watoto wa namna hiyo ndio wenye meno mabaya zaidi, kwa sababu nyumba inayoshindwa kurudisha fomu mara nyingi ndiyo inayoshindwa pia kusimamia mswaki wa usiku. Foleni yetu inawachuja wanaohitaji, inawaacha nje, kisha tunajipongeza.

Dawa ya hilo ni ya karani kuliko ya daktari. Fomu ipelekwe na mwalimu wa darasa, ikikosa kurudi ifuatwe kwa simu, si kwa fomu nyingine. Iandikwe kwa sentensi fupi, na maswali yake yawe yale yanayobadilisha uamuzi: je, mtoto aliwahi kulazwa kwa pumu? Ana mzio wa plasta au utomvu? Ana vidonda mdomoni? Mwenye historia ya kulazwa kwa pumu au mzio wa utomvu huo asipakwe shuleni kwa aina yenye utomvu wa msonobari, apelekwe kwa daktari wa meno. Mwenye vidonda au fizi zinazochubuka husubiri zipone. Na panapopakwa, siku ya pili ya kuwarudia waliokosa ipangwe ndani ya wiki mbili, iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, maana isipoandikwa huliwa na dharura ya kwanza.

Je, mtoto akipakwa shuleni kisha mama akampeleka kliniki wiki ileile akapakwa tena? Hadhuriki, dozi zake bado ziko chini sana ya kiwango cha hatari, ila mpako wa pili umepotea bure. Kadi ya mtoto iandikwe tarehe, kiasi na mkono uliopaka, kama inavyoandikwa chanjo. Kupaka kila mwezi nako hakuna faida inayojulikana kwa mtoto wa kawaida. Na mara moja kwa mwaka ni bora kuliko sifuri, lakini ndipo tunapojidanganya, kwa kuwa gego lililokuwa likipanda kwa mwaka mzima limepewa akiba ya sehemu ndogo ya mwaka huo.

Watu wazima nao wapo katika habari hii: mzee ambaye fizi zimeshuka na mizizi imebaki wazi, mgonjwa aliyekaushwa mate na mionzi ya kichwa na shingo au na dawa nyingi. Mzizi hauna enameli, huyeyuka mapema zaidi, na vanishi kila miezi mitatu humfaa.

Nirudi shuleni. Daftari letu la kupaka lina safu ya jina, umri na tarehe. Ningetaka lichorwe upya: mbele ya kila jina safu mbili za tarehe, ya kwanza na ya pili, na safu ya tatu ya kuandika kama mtoto ana mistari myeupe au shimo. Orodha iwe ya darasa zima, wote 40, wakiwemo ambao fomu zao hazikurudi, ili nafasi tupu ionekane kwa macho. Taarifa ya mwaka ihesabu wale tu wenye tarehe zote mbili. Mwaka wa kwanza namba itakuwa ndogo na kuna wakubwa watakaouliza kwa nini imeshuka kutoka 51 hadi 22. Waonyeshwe daftari, wazisome nafasi tupu jina kwa jina.